Tozo ya Hewa Ukaa Inavyopindua Orodha ya Miradi ya Umeme

Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu uliangukia barazani. Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni yake kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira ilikuwa na mapungufu. Ulikuwa mradi wa megawati 1,050, wenye gharama ya takriban dola bilioni 2. Wapinzani walizungumzia samaki, mikoko na mji wa kale. Watetezi walizungumzia umeme wa bei nafuu. Huo unafuu ndio tunaouangalia hapa, kwa sababu ulisimama juu ya sharti moja ambalo halikusemwa kwa sauti: kwamba moshi unaotoka kwenye bomba haulipiwi na mtu.

Tuseme ungelipiwa. Mtambo wa ukubwa ule ukifanya kazi asilimia 80 ya mwaka unafua uniti zaidi ya bilioni 7, na hewa ukaa inayotoka inafika tani milioni 6 hivi. Kila tani ikitozwa dola 40, bili ya mwaka mmoja ni dola milioni 240. Hiyo ni karibu moja ya nane ya gharama yote ya ujenzi, na inarudi kila mwaka kwa muda wa mkataba wa umeme, ambao kwa miradi ya aina hii huwa miaka ishirini na zaidi. Mradi unaobebeshwa mzigo huo hauwezi kukaa pale ulipokuwa kwenye orodha ya miradi ya kuchagua. Ila unashuka kwa kiasi gani, na nani anapanda badala yake, ni mambo ambayo hayatokani na ukubwa wa tozo peke yake. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaoandika sera, hukosea hapo.

Mstari wenyewe ni rahisi kuuandika. Mchumi wa mradi ana jedwali lenye safu moja kwa kila mwaka. Juu yapo mapato ya kuuza umeme, chini yake mafuta, mishahara, matengenezo na kodi. Tozo ya hewa ukaa inaingia kama gharama nyingine: tani za mwaka huo mara bei ya tani. Tani nazo hazikisiwi, zinatokana na mafuta yanayochomwa. Makaa ya mawe hutoa kilo 95 hivi za hewa ukaa kwa kila gigajuli ya joto, na gesi asilia hutoa 56. Kinachobaki ni kujua mtambo unakula joto kiasi gani. Mtambo wa makaa wenye ufanisi wa asilimia 36 unahitaji gigajuli 10 ili kufua uniti elfu moja, kwa hiyo uniti hizo elfu zinatoa kilo 950, yaani tani 0.95. Mtambo wa gesi wenye ufanisi wa asilimia 50 unahitaji gigajuli 7.2 na kutoa tani 0.4. Gesi inaushinda makaa mara mbili, kwa usafi wa mafuta na kwa ufanisi wa mtambo.

Sasa tuchukue miradi mitatu ya kubuni, yenye gharama zinazofanana na zile zinazoonekana katika miradi halisi. Yote inafua uniti bilioni moja kwa mwaka, inauza kila uniti kwa senti 8 za dola na inadumu miaka 25. Wa makaa ya mawe unajengwa kwa dola milioni 300, na ukishalipa mafuta na uendeshaji unabakiwa na milioni 46 kwa mwaka. Wa gesi unajengwa kwa milioni 150 tu, lakini mafuta yake ni ghali, hivyo unabakiwa na milioni 24. Wa tatu ni wa jotoardhi, unaotumia mvuke wa ardhini kama Olkaria. Kuchimba visima na kujenga kunameza milioni 550, kisha mvuke ni wa bure na mradi unabakiwa na milioni 63 kila mwaka. Tuupe wa jotoardhi tani 0.05 kwa uniti elfu, maana mvuke hupanda na gesi kidogo kutoka chini.

Fedha ya mwakani si sawa na fedha ya leo, kwa hiyo mapato ya miaka ijayo hupunguzwa kwa kiwango fulani kabla ya kujumlishwa. Tutumie asilimia 10. Kwa kiwango hicho, dola moja inayoingia kila mwaka kwa miaka 25 ina thamani ya dola 9.08 leo. Toa gharama ya ujenzi, na kinachobaki ni thamani halisi ya mradi kwa leo. Bila tozo, makaa yanaongoza kwa dola milioni 118, gesi inafuata kwa 68, na jotoardhi ni ya mwisho kwa 22. Yote mitatu ina faida, lakini mwekezaji mwenye fedha ya mradi mmoja anajenga makaa.

Tozo ya dola 10 kwa tani inabadilisha hali mara moja. Makaa yanapoteza dola milioni 9.5 kwa mwaka, ambazo kwa thamani ya leo ni 86, na kushuka hadi 31. Gesi nayo inashuka hadi 31 na ushei, kwa hiyo miradi hii miwili inakuwa bega kwa bega. Jotoardhi inabaki na 17. Ongeza hadi dola 12 na jotoardhi inayapita makaa. Ongeza hadi 15 na mpangilio umegeuka kichwa chini miguu juu: jotoardhi 15, gesi 13, na makaa yana hasara ya 12. Kwa dola 40, jotoardhi peke yake ndiyo iliyobaki na faida, tena ndogo ya milioni 4 hivi, huku makaa yakiwa na hasara ya milioni 227.

Katika hesabu hii kuna namba moja yenye manufaa kuliko zote, nayo si bei yoyote ya tozo iliyopangwa na serikali. Ni bei ya kugeuza, yaani ile ambayo ikifikiwa miradi miwili inabadilishana nafasi. Hapa ni dola 10 kati ya makaa na gesi, na dola 14 na nusu ndipo jotoardhi inakuwa ya kwanza. Mtu akikuletea ripoti yenye bei moja tu ya hewa ukaa na orodha moja tu ya miradi, mwombe bei ya kugeuza. Kama ni dola 5, mjadala wa kama bei sahihi ni 40 au 80 hauna kazi, kwa sababu orodha ni ileile. Kama ni dola 60, basi uamuzi wote umeegemea makisio ya mtu fulani, na makisio hayo yanapaswa kujadiliwa hadharani.

Makisio yenyewe yapo. Mwaka 2017 tume iliyoongozwa na wachumi Joseph Stiglitz na Nicholas Stern ilipendekeza dola 40 hadi 80 kwa tani kufikia 2020, na 50 hadi 100 kufikia 2030. Benki ya Dunia ilizichukua namba hizo mwaka huohuo kwa ajili ya miradi yake. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya iko juu zaidi: yuro 80 kwa mwaka 2020, 250 kwa 2030 na 800 kwa 2050. Hizi huitwa bei kivuli, kwa sababu hakuna anayezilipa. Zinaingia katika hesabu ya faida kwa jamii, ile ambayo mkopeshaji hutumia kuamua kama mradi unastahili, na haziingii katika fedha ambazo mradi utakusanya na kulipa. Ndiyo maana mradi wa umeme wa Tanzania au Kenya unaweza kupimwa kwa bei ya hewa ukaa hata kama nchi yenyewe haijatoza umeme wake hata shilingi.

Turudi kwenye asilimia 10, kwa sababu nimeipitisha haraka kama wanavyofanya wengi, na ndiyo yenye nguvu kuliko tozo. Kiwango hicho kinawakilisha gharama ya mtaji: riba ya mkopo na faida wanayodai wenye hisa. Mkopeshaji wa maendeleo anaweza kukubali asilimia 8. Mwekezaji binafsi anayeogopa kuyumba kwa sarafu, shirika la umeme lisilolipa kwa wakati na kisima kinachoweza kutoka kikavu, anaweza kudai 14.

Kwa asilimia 8, jotoardhi inaipita gesi bila tozo yoyote, na inahitaji dola 7 tu kwa tani ili kuyapita makaa. Kwa asilimia 10 tumeona inahitaji 14 na nusu. Kwa asilimia 14 inahitaji dola 55 ili kuipita gesi, na hata hapo ni kushindana kwa hasara, maana kwa bei hiyo hakuna mradi kati ya hii mitatu unaosimama bila kupandisha bei ya umeme. Sababu ni kwamba jotoardhi inalipa karibu kila kitu mwanzoni, halafu inangoja miaka 25 kurudishiwa. Mtaji ukiwa ghali, kungoja kunakuwa ghali. Gesi inajengwa kwa fedha kidogo na kulipia mafuta polepole, na mafuta ya mwaka wa ishirini, yakipunguzwa kwa asilimia 14, ni senti chache tu kwa macho ya leo. Tozo ya mwaka wa ishirini inapungua vilevile.

Kwa hiyo kutoka asilimia 14 hadi 8 kumeishusha bei ya kugeuza kutoka dola 55 hadi 7. Serikali inayotaka mvuke ushinde moshi ingefanya vyema kuangalia kwanza hatari ya visima kabla ya kutunga tozo. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2008 ilipounda kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, ambayo huko Menengai inachimba visima kwa fedha ya umma kisha inawauzia mvuke wazalishaji binafsi. Mwekezaji anakuja kukuta mvuke upo, hatari kubwa kuliko zote imeshabebwa na mwingine, na hana sababu ya kudai asilimia 14. Haijaitwa sera ya hewa ukaa, lakini kwenye jedwali inafanya kazi ileile ya tozo kubwa.

Swali linalofuata ni la mikataba: tozo inatoka mfukoni mwa nani? Katika hesabu yetu nimeikata kwenye mapato ya mwenye mtambo. Kwenye mikataba mingi ya kuuziana umeme wa mafuta haiko hivyo. Mwenye mtambo analipwa fungu moja kwa ajili ya kuwa tayari, mtambo ukiwashwa ama usipowashwa, na gharama ya mafuta inapita moja kwa moja kwenda kwa shirika linalonunua umeme. Nchini Kenya mteja anaiona kwenye bili yake kama mstari wa gharama ya mafuta, unaopanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Tozo ikiwekwa kwenye mafuta, au mkataba ukiwa na kipengele kinachosema kodi mpya italipwa na mnunuzi, inafuata njia hiyohiyo. Jedwali la mwekezaji halitikisiki hata kidogo. Makaa yanabaki na milioni zake 118, na yanabaki ya kwanza.

Hapo kuna majedwali mawili, la mwekezaji na la mpangaji wa mfumo wa umeme wa taifa, na yanatoa orodha mbili tofauti kwa tozo moja. Mpangaji anaona gharama yote, kwa hiyo kwake makaa yameshuka. Lakini mkataba ukishasainiwa, mpangaji naye amefungwa: akiuacha mtambo bila kuuwasha ili kukwepa tozo, bado anadaiwa lile fungu la kuwa tayari. Tozo iliyokusudiwa kubadilisha uchaguzi inageuka kuwa ongezeko la bili ya mwananchi, na moshi hauendi popote.

Afrika Kusini inaonyesha sura nyingine ya jambo hili. Kodi yake ya hewa ukaa ilianza Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani. Lakini asilimia 60 ya tani za kila mlipaji zilisamehewa tangu mwanzo, na nafuu nyingine zikaongezwa, hata hazina ya nchi hiyo yenyewe ikasema kiwango halisi kingekuwa kati ya randi 6 na 48. Kwa umeme iliahidiwa kuwa awamu ya kwanza haitapandisha bei. Mchumi anayeingiza randi 120 kwenye jedwali la mtambo wa makaa wa huko anaandika namba iliyopo kwenye sheria na isiyokuwepo kwenye akaunti ya benki.

Uingereza ndiko tozo ilikopiga ilipokusudiwa. Tangu Aprili 2013 mitambo ya umeme ililipa tozo ya nchi juu ya bei ya soko la Ulaya, ikianzia karibu pauni 5 kwa tani na kufika 18 mwaka 2015. Huko umeme huuzwa sokoni kila siku, na mtambo wenye gharama ndogo ya kuwaka ndio unaowashwa kwanza. Pauni 18 ziliongeza pauni 16 hivi kwa kila uniti elfu za makaa na 7 kwa za gesi. Tofauti hiyo ya pauni 9, pamoja na gesi iliyokuwa imeshuka bei wakati ule, ilitosha kuirusha gesi mbele ya foleni. Makaa yaliyokuwa yakifua karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi mwaka 2012 yalishuka chini ya asilimia 10 mwaka 2016. Mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024.

Funzo la jedwali hapa ni kwamba mitambo ile haikulipa tozo tu, ilipoteza saa za kufanya kazi. Hesabu yetu ya miradi mitatu ilidhani kila mmoja unauza uniti bilioni moja kila mwaka, tozo iwepo au isiwepo. Kwenye soko huru dhana hiyo ni ya kuwapendelea makaa. Mtambo uliokuwa ukiwaka asilimia 76 ya mwaka ukishuka hadi 30, mapato yanaporomoka huku mkopo ukibaki vilevile. Ukiona jedwali ambalo tozo imeongezwa na saa za kuwaka hazijaguswa, muulize aliyelitengeneza kama umeme huo unauzwa kwa mkataba au sokoni.

Kuna makosa mengine ya kawaida zaidi. Baadhi ya vitabu vinatoa bei kwa tani ya kaboni tupu, vingine kwa tani ya hewa ukaa yenyewe, ambayo ina oksijeni ndani. Tani moja ya kaboni inazaa tani 3.67 za hewa ukaa, kwa hiyo anayechanganya viwili hivyo anakosea karibu mara nne, na kwa bei ya kugeuza ya dola 14 hilo linatosha kumpa mshindi asiye wake. Dalili yake ni rahisi: gawanya tani za mwaka kwa uniti elfu zilizofuliwa, na kama makaa yanatoa 0.26 badala ya 0.95 hivi, umeshaipata. Jingine ni kudhani kila mvuke ni safi kama wa Olkaria. Katika bonde la Menderes huko Uturuki, miamba ya chini ina chokaa nyingi, na baadhi ya mitambo ya jotoardhi imepimwa ikitoa hewa ukaa kwa kiwango cha mtambo wa makaa. Hapo tani 0.05 niliyoiweka ingekuwa uongo mtupu, na kipimo cha gesi kwenye kisima cha majaribio lazima kije kabla ya kupanga miradi.

Limebaki suala la tarehe. Serikali nyingi hutangaza tozo ya baadaye ili zisimuumize mtu sasa. Tuseme dola 40 kwa tani zitaanza kutozwa mwaka wa 11 wa miradi yetu, kwa kiwango kilekile cha asilimia 10. Miaka 15 ya mwisho ina uzito wa dola 2.93 tu kati ya zile 9.08, kwa hiyo pigo ni chini ya theluthi moja. Makaa yaliyokuwa na hasara ya 227 yanarudi kwenye faida ya 6. Jotoardhi ina 16. Ya kwanza sasa ni gesi, kwa milioni 21, ambayo kwa tozo ya kuanza leo ilikuwa na hasara ya 77.

Na huo ni mtazamo wa mwenye hisa. Benki iliyokopesha kwa miaka 12 itaguswa na tozo kwa miaka miwili tu, na katika miaka hiyo miwili mtambo wa makaa bado unabakiwa na milioni 8 kwa mwaka. Ndiyo maana katika mazungumzo ya mkopo wakopeshaji hawaanzi na kiwango cha tozo. Wanaanza na mwaka itakapoanza, kisha wanafungua mkataba wa umeme kutafuta kipengele cha mabadiliko ya sheria, waone kimeandikwa kwa faida ya nani.